Mtu wa Kati: Mizani ya Pamba na Mizani ya Dhahabu Katika Nchi ya Usukuma

Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa dalali ni nani. Bandari zote za mwambao zimekuwa naye tangu kale, akisimama baina ya nahodha asiyewajua wenye maduka na mwenye duka asiyeijua shehena. Huko bara, katika machimbo ya Geita na Kahama, mtu huyu anaitwa broka, na wingi wake ni mabroka. Neno limetoka Kiingereza likavaa nguo za Kiswahili, na sheria yenyewe ya madini inalitambua, kwani hutoa leseni moja kwa mfanyabiashara mkubwa wa madini na nyingine kwa broka.

Aghalabu mtu wa kati husemwa vibaya. Hudhaniwa kuwa halimi, hachimbi wala hasafishi, bali hula jasho la wengine kwa ulimi. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini inaacha bila jibu swali kubwa zaidi. Kwa nini mtu anayesimama baina ya makundi mawili yasiyojuana ndiye anayepata habari mapema, ndiye anayeliona jambo jipya kabla ya wengine, na ndiye anayekuwapo mlango unapofunguka? Historia ya Usukuma, nchi iliyotanda kutoka Shinyanga hadi Mwanza na kuvuka hadi Geita, ina mifano miwili inayolijibu swali hilo. Mmoja ni wa pamba na wa pili ni wa dhahabu, na katika yote miwili mizani ndiyo kitovu cha kisa.

Jibu la wataalamu si gumu kulifahamu. Ronald Burt, msomi wa elimu ya jamii wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 1992 kuhusu nafasi tupu zilizopo baina ya makundi ya watu. Watu wanaokaa pamoja, akaeleza, hufikia kujua mambo yaleyale na kuyasema kwa maneno yaleyale, kwa kuwa kila anachosikia mmoja huwafikia wenzake upesi. Baina ya kundi na kundi, hata hivyo, pana pengo ambalo habari hazilivuki zenyewe. Yule mwenye mguu mmoja huku na mwingine kule husikia pande zote mbili. Mwaka 2004 Burt alitoa utafiti mwingine, alioufanya miongoni mwa wasimamizi 673 wa ununuzi katika kampuni kubwa ya vifaa vya elektroniki. Kila mmoja alitakiwa aandike wazo moja la kuboresha kazi, na wakuu wawili wakayapima mawazo hayo bila kujua ni ya nani. Mawazo ya wale waliozoea kuzungumza na watu wa makundi mbalimbali ndiyo yaliyopata alama za juu. Burt hakusema kuwa watu hao walikuwa na akili kuliko wenzao. Alisema tu kwamba jambo la kawaida katika kundi moja huweza kuwa ugunduzi katika kundi jingine, na anayelibeba kutoka huku kwenda kule huonekana mbunifu.

Mfano wa pamba unamhusu Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 katika sehemu za Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kiadventisti, akasomeshwa katika shule za dhehebu hilo. Miaka ya katikati ya 1940 alikuwa karani Mwadui, Shinyanga, katika mgodi wa almasi ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Mwadui haikuwa kijiji wala haikuwa mji wa serikali. Mahali hapo palikusanya vibarua kutoka pande nyingi, makarani waliosoma na mabwana wa Kizungu, na kijana aliyejua kusoma na kuandika aliweza kuona jinsi kazi kubwa inavyoendeshwa kwa vitabu vya hesabu. Kutoka hapo Bomani alikwenda Mwanza akawa msaidizi wa katibu, kisha katibu, wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika.

Mtu asiyeijua biashara ya pamba ya wakati huo hataona uzito wa nafasi hiyo. Mkulima wa Usukuma alivuna pamba yake, akaichambua, akaifunga mzigo, kisha akaipeleka kwa kichwa au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia. Wanunuzi karibu wote walikuwa Wahindi, ama wenye vinu vya kuchambulia ama mawakala wao. Bei ya kila ratili ilipangwa na serikali kabla ya msimu, kwa hiyo mnunuzi hakuwa na nafasi kubwa ya kuipunguza waziwazi. Palipobaki nafasi ni kwenye uzito. Mzigo wa ratili 60 ukiandikwa 54, mkulima amepoteza sehemu moja katika kumi za jasho la mwaka mzima, na bei iliyotangazwa imebaki ileile bila kuguswa. Mkulima aliyesimama upande wa nyuma ya mizani, asiyejua kusoma tarakimu, hakuwa na ushahidi. Alikuwa na shaka tu, na shaka hiyo ilikuwa imeenea kote Usukuma.

Hapa ndipo pengo lilipokuwa. Wakulima walijua kwamba wanaibiwa, ila hawakuijua sheria. Maofisa wa serikali waliijua sheria ya vyama vya ushirika, iliyokuwapo Tanganyika tangu mwaka 1932, ila malalamiko ya vijijini yaliwafikia yamepoa, tena kupitia kwa watemi ambao nao walikuwa na maslahi yao. Wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza walijua jinsi duka na mizani vinavyoendeshwa, kwa kuwa nao walikuwa wauzaji. Watu wa Kilimanjaro walikwisha kuwa na chama chao kikubwa cha ushirika wa kahawa tangu mwanzo wa miaka ya 1930, na huko kuuza mazao kwa pamoja halikuwa jambo la ajabu. Kila kundi lilikuwa na kipande chake cha jibu, na hakuna lililokuwa nacho kizima.

Katibu wa chama cha wafanyabiashara alikuwa katika njia panda ya vipande hivyo vyote. Wanachama wake walikuwa na ndugu vijijini waliolima pamba. Barua zake zilikwenda kwa msajili wa vyama vya ushirika, hivyo aliijua lugha ya sheria. Alikuwa pia katika chama cha Waafrika, TAA, kilichowakutanisha wasomi wa mjini na malalamiko ya shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mnunuzi, wazo lenyewe lilikuwa jepesi, nalo ni kumweka mtu anayejua tarakimu na anayelipwa na mkulima ili asome uzito kabla haujaandikwa. Lakini mpimaji wa kijiji kimoja ni mtu mmoja tu, na mnunuzi anaweza kumpuuza. Jambo jipya lilikuwa kuwaunganisha wapimaji hao katika vyama, kuviandikisha vyama hivyo kwa sheria ya 1932, na kuvipa haki ya kununua pamba badala ya kuisimamia tu ikinunuliwa na wengine.

Mwaka 1952 Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Alikwenda Uingereza akasoma ushirika katika chuo cha Loughborough mwaka 1953 na 1954, na aliporudi, mwaka 1955, vyama vya msingi viliunganishwa kuwa Muungano wa Ushirika wa Victoria, uliojulikana kwa herufi zake VFCU. Muungano huo ulikua kwa kasi isiyo ya kawaida. Ulipata vinu vyake vya kuchambulia pamba, kikiwamo cha Kasamwa kule Geita, na ilipokaribia miaka ya 1960 karibu pamba yote ya jimbo ilipita mikononi mwake. Wakati huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Milango iliyofunguka kwa Bomani mwenyewe nayo ina mafunzo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikataza TANU katika Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Katika miaka hiyo chama cha siasa hakikuwa na ruhusa ya kuwafikia wakulima, lakini ushirika ulikuwa nayo. Mwaka 1955 Bomani aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ilimwona kuwa mtu wa kusema naye, wakulima walimwona kuwa mtu wao, na wanasiasa wa Dar es Salaam walimwona kuwa daraja la jimbo walilofungiwa. Hakuwa na jeshi wala mali kubwa. Alichokuwa nacho ni kwamba makundi matatu yasiyoaminiana yalimwamini yeye, kila moja kwa sababu yake. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha, na baadaye akawa balozi Marekani kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2005.

Kisa hiki kingeishia hapo kingekuwa ngano ya ushujaa, lakini kina upande wa pili. Daraja lililowavusha wakulima likageuka lango. Baada ya uhuru muungano ukawa mnunuzi pekee, na mkulima ambaye zamani alimshuku Mhindi mwenye mizani sasa hakuwa na mtu mwingine wa kumuuzia ila ushirika wake. Malalamiko ya makato na ya uendeshaji mbaya yaliongezeka nchi nzima, hata mwaka 1966 kamati maalumu ya rais ikaundwa kuuchunguza ushirika. Muungano wa Victoria ulivunjwa umbo lake la zamani na kuwa Muungano wa Nyanza, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za serikali. Mtu wa kati anapokuwa mmoja tu, na pande zote mbili hazina njia nyingine, faida yake haitoki tena katika kuvusha habari. Hutoka katika kuzizuia.

Mfano wa dhahabu unatokea katika ardhi hiyohiyo, miaka mingi baadaye. Wajerumani waliijua dhahabu ya Geita kabla ya karne ya 20 kuanza, na mgodi wa enzi ya Waingereza ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960. Baada ya hapo wachimbaji wadogo walibaki na nchi. Kwa miaka mingi mchimbaji aliyetaka kuuza kwa njia halali alilipwa kwa kiwango rasmi cha fedha, kilichokuwa mbali na thamani halisi ya shilingi, na si ajabu dhahabu ikavuka mipaka kimyakimya. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya soko la nje ya benki. Ghafla dhahabu iliyouzwa rasmi ikapanda kutoka kilo chache hadi tani. Walionufaika kwanza hawakuwa walio ndani ya mashimo, kwani shimoni hakuna gazeti wala tawi la benki. Walikuwa wale waliolala Mwanza leo na kesho wakawa machimboni.

Ili kuiona kazi ya broka, yafaa kujua jinsi machimbo yanavyopangwa. Pana mwenye leseni, aliyeandikishwa serikalini. Chini yake pana mwenye duara, yaani mwenye shimo, anayegharimia magogo ya kuzuia udongo, pampu ya maji na chakula. Kisha pana wachimbaji wenyewe, wanaolipwa kwa sehemu ya mifuko ya mawe. Mawe hupelekwa karashani yakasagwa, unga ukaoshwa kwenye mwalo, zebaki ikashika chembe za dhahabu, na donge likachomwa moto hadi zebaki iondoke kwa moshi wenye sumu. Kinachobaki ndicho broka anachokipima. Hukipima mara mbili, kwanza kikavu, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji. Tofauti ya vipimo hivyo humwonyesha ujazo wake, na ujazo ukilinganishwa na uzito humwonyesha usafi, kwa kuwa dhahabu ni nzito kuliko fedha au shaba iliyochanganyika nayo.

Kila mwenye duara huificha bahati yake. Akisema kwamba mwamba umekubali, majirani watamsogelea, mwenye leseni ataongeza madai, na wageni watafurika usiku mmoja. Kwa hiyo ulimi hunyamaza. Lakini dhahabu lazima iuzwe, na inapowekwa kwenye mizani inamsema mwenyewe. Tuchukue kwa mfano broka anayenunua katika maduara kumi na mawili. Kwa miezi kadhaa kila moja linamletea gramu tano au sita kwa wiki. Kisha wiki moja duara la nne linaleta gramu ishirini, wiki inayofuata la tano, lililo upande wa mashariki, linaleta gramu kumi na nane, na usafi wa mizigo yote miwili ni sawa. Mwenye duara la nne hajui habari za la tano, na wa la tano anadhani bahati ni yake peke yake. Broka peke yake ndiye anayeona kwamba ni mkanda mmoja wa mwamba, na kwamba unaelekea mashariki. Asubuhi yake yuko kwa mwenye duara la sita, aliyekata tamaa na anayetafuta mfadhili, akimpa fedha za pampu kwa ahadi ya kuuziwa kila kitakachopatikana.

Huyo broka hakuiba siri ya mtu, wala hakuwa na elimu ya miamba kuliko wachimbaji. Alikusanya tu habari ndogo ambazo kila mmoja alimpa bila kujua, na mahali pa kuziunganisha palikuwa katika mizani yake pekee. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha. Zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga huo, mara nyingi zaidi ya nusu. Kwa mwenye karasha ulikuwa uchafu unaojaza uwanja. Kwa wachenjuaji wanaotumia sayanaidi ulikuwa mali. Aliyewajua wote wawili aliununua lundo kwa bei ya uchafu kabla wenye makarasha hawajajua kuwa wanauza dhahabu. Walipojua, waliupandisha bei wao wenyewe, na nafasi ile ikafungwa.

Kwa sababu hiyo faida ya mtu wa kati ina umri. Huishi maadamu pengo lipo, na kila mara anapolitumia hulipunguza, kwani kila mkataba wake mpya ni fununu kwa wengine. Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua mjini Geita soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, baada ya serikali kuwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio. Sokoni mchimbaji anaijua bei elekezi, dhahabu inapimwa mbele ya ofisa, na wanunuzi kadhaa wako chini ya paa moja. Mabroka hawakutoweka, wengi wamehamia sokoni humohumo wakiwa na leseni zao. Ila ile sehemu ya faida iliyotokana na mchimbaji kutoijua bei imepungua sana. Iliyobaki ni ile inayotokana na kujua machimbo, kuaminiwa kwa mkopo, na kufika wa kwanza penye mwamba mpya, kwa sababu habari hizo haziandikwi kwenye ubao wa soko.

Wala si kila aliye katikati hufaidika. Broka aliyemkopesha mwenye duara mmoja fedha nyingi mno hawezi tena kuondoka hapo, naye huwa mateka wa shimo hilohilo likikauka. Aliyehama machimbo upesi mno hukuta mlango umefungwa, kwa kuwa hakuna anayempa habari mgeni. Na yule ambaye mizani yake imewahi kupunguza gramu hupoteza kitu kikubwa kuliko gramu hizo. Wachimbaji humpelekea mabaki tu, donge kubwa humpita, na pamoja nalo humpita habari. Anayeiba mizanini hujiziba masikio mwenyewe.

Daraja na lango huweza kutofautishwa kwa kipimo chepesi, ambacho mkulima wa Usukuma wa mwaka 1950 na mchimbaji wa Geita wa leo wangekifahamu bila kuelezwa. Ni kumtazama mtu wa kati siku pande mbili zinapotaka kuonana zenyewe. Wa daraja huzikutanisha, akijua kwamba kuna pengo jingine mbele litakalomhitaji. Wa lango huitafuta njia ya kuzuia mkutano huo, kwa sababu hana kingine cha kuuza.